Ugali Umekataa? Chunguza Sentensi Kabla ya Kumlaumu Mpishi

"Chemsha maji, weka unga kiasi, songa mpaka uive."

Hatua ya kupika ugali huandikwa hivyo, ikaachwa hivyo. Mama wa Kakamega humtumia mwanawe aliyepanga chumba Maseno maneno hayohayo, naye mwandishi wa mapishi huyaweka kwenye ukurasa kisha akaruka haraka kwenda kwa samaki, maana ndiko anakotaka kufika. Aliyekulia jikoni huisoma sentensi hiyo na mkono wake ukamalizia yaliyobaki. Asiyewahi kushika mwiko hana cha kumalizia. Hufanya kile kilichoandikwa, kama kilivyoandikwa, na akipata uji wenye mabonge huambiwa hajui kupika.

Ukiwa ndiye unayeandika, ubaya ulio kwenye sufuria utakuonyesha pengo lililo kwenye sentensi yako. Kila aina ya ugali ulioharibika ina neno lake lililouharibu. Nitazipitia dalili hizo moja baada ya nyingine, kisha tuiandike hatua hii upya. Mfano wetu ni ugali mweupe wa watu wawili, unga wa mahindi wa pakiti uliochekechwa, sufuria ya kawaida isiyo na mshikio, na mwiko wa mbao. Lazima tukubaliane hayo mapema, kwa sababu hatua iliyoandikwa bila kujua ni sufuria gani na unga gani itakuwa na mapengo hata ukiirefusha kiasi gani.

Dalili: mabonge, na ukiyapasua ndani mna unga mkavu

Hii ndiyo inayowapata wengi, na chanzo chake ni neno "weka". Aliyezoea akisoma "weka unga" anajua mambo matatu kwa mpigo: aweke lini, aweke kiasi gani kwa mara moja, na mkono wa pili uwe unafanya nini wakati huo. Mgeni wa jikoni anasoma jambo moja tu. Anasubiri maji yachemke kwa nguvu, anamwaga unga wote, anaweka bakuli chini, anatafuta mwiko, ndipo anaanza kukoroga.

Kufikia hapo mambo yameshaharibika. Wanga wa mahindi huanza kufura na kunata maji yanapopita nyuzi 60 hivi, na yakipita 70 umeshafura sana. Maji yanayochemka yana joto zaidi ya hapo kwa mbali. Kwa hiyo fungu la unga likitua ndani yake, sehemu ya nje hufura papo hapo ikawa ganda la kunata, na ganda hilo huyazuia maji yasifike katikati. Ukikoroga sana baada ya hapo utayahamisha mabonge kutoka upande huu kwenda ule.

Dawa ni unga wa kwanza uingie kabla maji hayajapata joto hilo, na ule unaofuata uingie kwenye uji badala ya kuingia kwenye maji matupu. Uji huutawanya unga mpya mwiko ukipita, mradi unaingia kidogo. Sasa iandike hivyo: *maji yakiwa ya vuguvugu, yaani bado unaweza kuchovya kidole bila kuungua, nyunyiza konzi moja ya unga huku ukikoroga. Endelea kukoroga mpaka yachemke na uone uji mwepesi.* Halafu: *mimina robo kikombe ya unga kwa mkono mmoja, koroga kwa mkono wa pili. Usiongeze tena mpaka usione unga mkavu mweupe popote.*

Angalia sehemu ya mwisho. "Kidogo kidogo" ingekuwa fupi zaidi, lakini haimwambii mtu lini aongeze tena. "Usione unga mkavu popote" ni kitu anachoweza kukikagua kwa macho yake mwenyewe, bila kumpigia mtu simu.

Na bonge likitokea? Mwambie palepale, usimwache mpaka mwisho wa ukurasa: alikandamize kwa ubapa wa mwiko kwenye ukuta wa sufuria, wakati bado ni uji. Ugali ukishashikana, bonge halitoki tena.

Wapo wapishi wa huku kwetu wanaomwaga unga mwingi kwenye maji yanayotokota, wanayaacha maji yabubujike kati yake kwa muda, ndipo wanageuza, na ugali unatoka laini bila bonge hata moja. Njia hiyo ni ya kweli. Ila inategemea mkono wenye nguvu na jicho linalojua lini pa kuanza kugeuza, na hayo mawili huwezi kuyaandika kwa mtu wa mara ya kwanza. Kati ya njia mbili sahihi, mwandikie ile inayomruhusu kusimama na kuangalia.

Dalili: umekuwa uji mzito, au umekuwa mgumu hadi unapasuka

Neno lenye kosa ni "kiasi". Nilipomuuliza mpwa wangu hatua gani ilimsumbua alipoanza kujipikia, alinijibu: "Shangazi, kiasi ni ngapi? Na kiasi cha nani?"

Swali la pili ndilo zito. Ukijibu "vikombe viwili" bado hujajibu, kwa sababu kikombe cha chai cha kwake si kikombe chako, na wengine watapima maji kwa kikombe halafu unga kwa bilauri. Badala ya kumtafutia kikombe cha vipimo ambacho hana, mwandikie uwiano: *tumia chombo kimoja kupima maji na unga.* Kwa ugali wa kushikika vizuri, vikombe viwili vya maji huhitaji takriban vikombe viwili vya unga wa pakiti. Kwa kikombe cha mililita 250 hiyo ni nusu lita ya maji, na unga wa gramu 300 hivi, ukisawazishwa juu bila kushindiliwa. Hao watu wawili watashiba.

Lakini usimruhusu autie wote. Mwambie atenge nusu kikombe ya mwisho kando, na nusu kikombe nyingine ya maji ya moto kando vilevile. Hizo akiba mbili ndizo zinazofanya kazi ya uzoefu. Ugali ukiwa bado unateleza kwenye mwiko, anaongeza vijiko viwili vya unga. Ukianza kupasuka na mwiko haupiti, ananyunyiza maji ya moto vijiko viwili na kukandamiza. Nawaona waandishi wengi wakihangaika kutafuta kipimo kamili ambacho hakitakosea popote. Hakipo. Unga hautoki sawa kila mfuko, na moto hautoi mvuke sawa kila jiko.

Unga wa posho unastahili sentensi yake. Ule uliosagwa mtaani bila kuchekechwa una chembe kubwa na makapi, na hunywa maji polepole. Mgeni akiongeza unga huo anaona bado ni mwepesi, anaongeza tena, anaongeza tena, halafu baada ya dakika mbili zile chembe zinamaliza kunywa na ugali unakuwa jiwe. Msomaji wako akiwa Bungoma au Busia huenda unga huo ndio alio nao, si wa pakiti. Mwandikie: *ukitumia unga wa posho, subiri dakika moja ukikoroga kabla ya kuongeza mwingine, hata kama unaona bado ni mwepesi.*

Kuna chanzo kingine kinachojificha kwenye "chemsha maji". Mtu anaweka sufuria wazi, anaenda kuoga, anarudi maji yamepungua, na uwiano wako umekufa bila yeye kujua. Neno moja linatosha: *funika.*

Dalili: unanata mkononi na mdomoni, una ladha ya unga

Huu ni mbichi, na wa kulaumiwa ni "mpaka uive". Hapa mwandishi amemwambia mpishi asubiri kitu ambacho mpishi hajawahi kukiona. Ugali wa dakika tatu na wa dakika kumi, kwa jicho geni, ni donge jeupe tu. Ameuona ukishikana, akadhani kushikana ndiko kuiva.

Kushikana hutangulia kuiva. Mpishi mzoefu huutambua ulioiva kwa ishara kadhaa pamoja, na zote zinaweza kuandikwa. Ya kwanza ni harufu: ile ya unga mbichi, iliyo kama vumbi la mfuko ukiufungua, hupotea, ikaja harufu ya mahindi ya kuchoma. Ya pili ni ukuta wa sufuria: ugali huachana nao ukajiviringisha kama donge moja, na utando mkavu wa ukoko hubaki ukishika chini na pembeni. Ya tatu ni kidole: chovya kidole kwenye maji, gusa juu ya ugali haraka, kisha utazame. Kikitoka safi, sawa. Kikitoka na utelezi mweupe, rudisha kifuniko.

Ukiweza kuandika moja tu, andika ya kidole. Harufu humchanganya mtu ambaye hajawahi kuilinganisha, na ukoko hutegemea sufuria, lakini kidole kinajibu ndiyo au hapana.

Muda nao utaje, ila kama mpaka wa chini: *baada ya kushikana, songa dakika tatu, kisha kandamiza uwe kilima, funika, moto mdogo, dakika nne.* Dakika pekee zingemdanganya mwenye makaa yanayozimika. Ishara pekee ingemwacha mwoga akikagua kila sekunde. Vikiwa pamoja, kimoja kinamzuia asiwahi na kingine kinamzuia asichelewe.

Kwa wale wanaopenda kuandika nyuzi joto: acheni "subiri maji yafike 100". Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nakuru, yenye mita 1,850 na zaidi, ni karibu 94. Mwenye kipimajoto atasubiri mpaka maji yaishe. Ugali haudhuriki na tofauti hiyo, kwa kuwa wanga umeshafura kabla ya hapo. Andika anachokiona: viputo vikubwa vinavyopasuka juu bila kukoma.

Dalili: chini umeungua, katikati bado mbichi

Sentensi yetu haikutaja moto hata kidogo. Wengine hutaja "moto wa wastani" wakadhani wamesaidia. Wastani wa nini? Kwenye meko ya gesi mwandikie: *miale isitokeze nje ya kitako cha sufuria.* Ikitokeza, inapanda kuta na kuchoma ukoko kabla joto halijafika katikati.

Kwenye jiko la makaa hakuna kitufe cha kuzungusha, kwa hiyo "punguza moto" ni amri isiyotekelezeka mpaka useme kwa njia gani: *funga mlango wa jiko, au ondoa makaa mawili matatu kwa koleo, au funika makaa kwa majivu kidogo.* Mpishi wa kwanza asiyejua hilo hukaa akitazama ugali ukiungua, kwa kuwa katika maarifa yake moto wa makaa haupunguzwi.

Dalili: sufuria inazunguka, mkono umeungua, mpishi amechoka kabla ya ugali

Hapa kuna "songa", neno ambalo sisi wa huku tunalijua tangu utotoni hata hatufikirii kwamba linahitaji kuelezwa. Mgeni hukoroga, kama anavyokoroga sukari kwenye chai. Mwiko unazunguka, ugali unazunguka nao, sufuria inazunguka pia, na hakuna kilichosongwa.

Mwendo wenyewe ni huu. Ingiza mwiko chini ya ugali upande ulio mbali nawe, uinue, uukunje kuja kwako, kisha uukandamize kwenye ukuta wa sufuria kwa ubapa wa mwiko. Zungusha sufuria kidogo, rudia. Ni kugeuza na kukandamiza, kugeuza na kukandamiza, mpaka kusiwe na sehemu iliyokaa chini muda wote. Hilo ndilo linalotoa hewa na kufikisha joto katikati.

Mkono wa pili una kazi mbili kwa zamu, na zamu hiyo lazima itajwe. Wakati bado ni uji, mkono huo unamimina unga, maana sufuria bado haizunguki. Ukishaanza kuwa mzito, mkono unaacha unga na kushika ukingo wa sufuria. Ushike kwa kitambaa *kikavu* kilichokunjwa mara mbili. Chenye majimaji hupitisha joto upesi na kumchoma mtu kiganja, na mama zetu hawakuwahi kutuambia hilo kwa sababu hawakuwahi kutumia chenye maji.

Onyo moja zaidi liende mahali pake, si mwishoni: uji mzito unapochemka hurusha matone, na tone hilo hukwama kwenye ngozi likaendelea kuchoma. *Punguza moto kabla ya kuongeza unga wa pili, na usiinamie sufuria.* Onyo linaloandikwa baada ya hatua husomwa mkono ukiwa tayari kwenye maji baridi.

Hatua yenyewe, ikiwa imeandikwa upya

> Pima kila kitu kwa kikombe kimoja. Weka karibu nawe: vikombe 2 vya unga wa mahindi, nusu kikombe ya maji ya moto ya akiba, mwiko, kitambaa kikavu. Kutoka kwenye unga, tenga nusu kikombe kando.
>
> Tia vikombe 2 vya maji kwenye sufuria. Yakiwa vuguvugu, nyunyiza konzi moja ya unga huku ukikoroga. Koroga mpaka uone uji mwepesi unaotoa viputo vikubwa.
>
> Punguza moto, usiinamie sufuria. Mimina robo kikombe ya unga kwa mkono mmoja huku ukikoroga kwa mwingine. Usipoona tena unga mkavu, mimina robo nyingine. Ukiona bonge, likandamize kwenye ukuta wa sufuria sasa hivi. Endelea mpaka mwiko uanze kuwa mzito.
>
> Sasa shika ukingo wa sufuria kwa kitambaa. Ingiza mwiko chini ya ugali, uinue, ukunje kuja kwako, kandamiza ukutani. Zungusha sufuria kidogo, rudia, kwa dakika 3. Ukiteleza kwenye mwiko, ongeza vijiko 2 vya ule unga wa kando. Ukipasuka, nyunyiza vijiko 2 vya maji ya moto.
>
> Ukusanye uwe kilima, funika, acha moto mdogo dakika 4. Chovya kidole kwenye maji, gusa juu ya ugali haraka. Kikitoka safi, umeiva: funika sahani juu ya sufuria na uigeuze. Kikitoka na utelezi, funika tena dakika 2 na ujaribu upya.

Sentensi moja imekuwa aya tano, na mhariri atalalamika. Ukilazimika kukata, kata muda wa kusonga kabla ya kukata jaribio la kidole, na kata maelezo ya kilima kabla ya kukata akiba ya unga na maji. Anayejua atapitisha macho tu, hatapoteza kitu.

Kuna jambo lisilojulikana mpaka upate mtu wa kujaribia. Mpe karatasi kijana asiyewahi kupika, ukae pembeni na usifungue mdomo. Usimuulize kama ameelewa, atakuambia ndiyo kwa heshima. Tazama mikono: pale inaposimama hewani, au anaporudi kusoma mstari uleule, au anapokugeukia, ndipo pana neno linalokosekana. Mpwa wangu alisimama kwenye "kandamiza ukutani", akautazama ukuta wa chumba. Kwenye karatasi yako ongeza "wa sufuria" kila mahali, hata kama kwako linasikika kama kujirudia.

Usiinakili hatua hii kwa ugali mwingine bila kuijaribu tena. Ule wa wimbi au mtama uliochanganywa na muhogo, unaopikwa sana upande wetu, hunata na kuvutika hata ukiwa umeiva kabisa kwa sababu ya muhogo, kwa hiyo kidole hakitatoka safi. Anayesubiri kitoke safi ataupika mpaka ukoko uwe mweusi. Kwa huo tegemea rangi: unga mkavu una kijivu kilichofifia, na ulioiva hukolea na kung'aa, bila michirizi ya rangi ya unga ukiukata katikati kwa mwiko.